Hotuba ya kumuaga mstaafu: lakabu ikae wapi, jina kamili likae wapi

Ukishaambiwa "wewe ndiye utakayesema kwa niaba ya wafanyakazi", kinachotaka kufikiriwa zaidi si sifa za mstaafu. Sifa zitasemwa na kila atakayesimama. Kinachotaka kufikiriwa ni jina. Ofisini mmekaa naye miaka na mnamwita kwa lakabu, naye anaitikia. Siku ya hafla atakaa mbele pamoja na mkewe, watoto, wajukuu, pengine na kaka yake mkubwa aliyetoka shamba asubuhi, na hao hawajapata kumwita hivyo hata siku moja. Ukitumia lakabu tu, jamaa zake wataona mmemfanyia masihara mbele za watu. Ukishika majina matatu mwanzo mpaka mwisho, wafanyakazi wenzake watahisi unamsoma kutoka kwenye faili.

Kwa hiyo shika hili kwanza: lakabu ni ya ofisi, jina kamili ni la ukoo, na ukumbini watu wa ofisi na watu wa ukoo wote wamekaa. Hotuba nzuri inampokea mstaafu kutoka kwa ukoo wake, inakaa naye ofisini kidogo, kisha inamrudisha kwao.

Tutakwenda na mfano mmoja wa kutunga. Hafla ni Chake Chake, mchana baada ya sala ya Alasiri. Mstaafu tumempa jina la Hamad Shaame Kombo, karani wa masjala katika ofisi ya serikali, aliyetimiza miaka 60. Wenzake wanamwita Muhuri. Anayesema ni kijana wa masjala hiyohiyo, mdogo kwake kwa umri na kwa cheo.

Ichunguze lakabu kabla hujaandika neno

Kabla ya kushika kalamu, tafuta habari tatu: nani aliyeitoa lakabu hiyo, kwa sababu gani, na mwenyewe huitwa usoni au mgongoni. Hili la mwisho ndilo la kukata shauri. Kuna majina ambayo ofisi nzima inayatumia na mwenyewe hayajui, au anayajua akajifanya hayajui. Jina la mgongoni halipandi jukwaani hata likiwa la kuchekesha vipi.

Angalia pia limetoka wapi. Lakabu iliyotokana na kazi, kama Muhuri, mara nyingi ni salama. Iliyotokana na mwili, kama upara, unene, kigugumizi au jicho, iache, hata kama mwenyewe huitumia akijitania. Kujitania ni haki yake, si yako. Iliyotokana na siasa, na visiwani hapa zipo nyingi, iache kabisa, kwani ukumbini huwajui wote wamekaa upande gani. Na zile za Upemba na Uunguja ambazo watu hutaniana nazo barazani, barazani ndiko kwao.

Usisahau kwamba sehemu kubwa ya watu waliokaa mbele yako wameisoma Suratul Hujurat, na wanaijua aya ya 11 inayokataza waumini kuitana kwa lakabu mbaya. Si lazima uitaje, ila ujue kwamba mzee mwenye kofia aliyekaa safu ya kwanza anakupima kwa aya hiyo wakati wewe unatafuta kicheko.

Kisha igeuze lakabu upande wa pili uone haina maana nyingine. "Muhuri" kwa wafanyakazi ni mtu asiyepitisha karatasi yenye kasoro. Kwa mgeni asiyejua habari, karani aliyeitwa Muhuri anaweza kudhaniwa ndiye aliyekuwa akizungusha watu mpaka watoe kitu. Ikiwa maana ya pili ipo, lakabu haiwezi kutajwa peke yake. Lazima ije na kisa chake, na kisa kikae karibu nayo, wala usikiweke mwisho wa hotuba.

Omba ruhusa, na usikilize namna unavyojibiwa

Mwendee mwenyewe, faragha, wiki moja au zaidi kabla. Usimuulize mbele ya wenzake, maana hapo hawezi kukataa. Maneno yawe mepesi: "Mzee Hamad, mimi ndiye nitakayesema siku ile. Naomba idhini yako, nikikutaja kwa jina la Muhuri mbele ya watu wa nyumbani, kutakuwa na neno?"

Mtu wa kwetu ni nadra kukwambia "sitaki" waziwazi. Akicheka, akakaa vizuri, akaanza kukuhadithia jina lilivyoanza, umepewa ruhusa na kisa juu. Akisema "haya, hakuna neno" huku anaendelea kupanga karatasi zake, hiyo ni hapana. Akijibu "wewe sema utakavyoona", nayo ni hapana, ila ya mtu mpole zaidi. Katika hali hizo mbili usimrudie tena kumshawishi. Andika hotuba bila lakabu, tumia "Mzee Hamad", na mambo yatakwenda vizuri tu.

Akikubali, bado kuna mlango wa pili. Mkewe au mtoto wake mkubwa aambiwe, hasa ikiwa nyumbani hawaijui lakabu hiyo. Mtume mfanyakazi wa kike anayefahamiana na familia, ampigie simu mama wa nyumba. Mkewe akija ukumbini anajua, atacheka na wengine. Asipojua, atautumia muda wako wote kumuuliza mwanawe sikioni: "Wanamwitaje baba yenu?"

Jina kamili: lipate kwa usahihi wake

Majina matatu ya Mzanzibari ni mtu, baba na babu. Ukisema "Hamad Shaame Kombo" umemtaja mtu mmoja na wazee wake wawili, na kama mzee Shaame ameshatangulia mbele ya haki, jamaa zake wanalisikia jina hilo kwa sikio jingine. Ndiyo maana kulikosea ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani.

Lichukue kwenye faili la kazi au kitambulisho, halafu mpelekee mtoto wake au mwenyewe alithibitishe. Zipo familia ambazo faili lina jina lililoandikwa na karani wa zamani alivyosikia, na nyumbani linatamkwa vingine. Angalia mpangilio: ni Shaame Kombo au Kombo Shaame? Angalia tahajia, hasa kwa anayepeleka jina kwa mtu wa bango: Khamis si Hamisi, Hamad si Hamadi, Makame haina h. Duka la kuchapa likipewa jina kwa simu huandika lilivyozoea.

Cheo nacho kina kanuni zake. "Maalim" anaitwa aliyefundisha, na kwa wengine cheo hicho kimegandana na jina hata baada ya kuacha ualimu, kama ilivyokuwa kwa Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye siasa za miaka mingi hazikuliondoa. Ikiwa mstaafu wako ni wa namna hiyo, kumwita "Bwana" ni kumvua nguo yake. "Alhaj" au "Hajati" ni wa aliyekwenda kuhiji kweli. Usimpe mtu hija kwa kumsifu, kwani utamlazimisha ama akusahihishe mbele za watu au anyamaze na jambo lisilo lake.

Kwa mstaafu mwanamke, kosa linalorudiwa sana ni kumtia jina la mume. Mwanamke wa kwetu akiolewa habadilishi jina, anabaki na la baba yake na la babu yake. Mtambulishe hivyo, kisha kama anajulikana kwa "Mama Salma" au "Mama Juma", hilo lina heshima yake na laweza kukaa mahali pa lakabu bila wasiwasi. Na lakabu yoyote ya mwanamke itangulie "Bi". Visiwa hivi vimeshaona namna herufi hizo mbili zinavyofanya kazi: Fatuma binti Baraka dunia nzima ilimjua kwa lakabu ya kitu kidogo, lakini hakuna aliyesema Kidude peke yake. Ni Bi Kidude. Kwa mwanamume, kazi hiyohiyo hufanywa na "Mzee", "Bwana" au "Maalim".

Wewe ni nani kwake?

Mkiwa rika moja, mlioajiriwa pamoja, unaweza kusema "Muhuri" kavukavu mara moja au mbili, watu wataona ni usuhuba. Ukiwa mdogo wake, kama kijana wa mfano wetu, usimwite hivyo kwa kinywa chako mwenyewe mpaka umeshawatia wengine: "hapa ofisini anaitwa...", "wenzake wa rika walimpa jina la...". Baada ya hapo, ukitaka kumwita moja kwa moja, mtangulizie "Mzee". Ukiwa mkuu wake wa kazi, ningekushauri uiache lakabu kwa wengine. Kinywani mwa bosi utani hushuka kutoka juu, na hata ukiwa wa mapenzi unasikika kama mtu anayemdharau mtumishi wake siku ya mwisho.

Hotuba yenyewe

Dakika tano zinatosha. Kwa kusoma taratibu, ukiacha nafasi ya watu kucheka, hayo ni maneno kama 350 hadi 450. Jina kamili litokee mwanzoni na mwishoni. Katikati utumie jina la heshima la kila siku, "Mzee Hamad". Lakabu iingie mara moja pamoja na kisa chake, kisha itumike mara moja au mbili tu. Ikizidi hapo, inaacha kuwa zawadi inakuwa kelele.

Huu hapa mfano mzima:

> Bismillahi Rrahmani Rrahim. Mheshimiwa Afisa Mdhamini, mgeni wetu rasmi, wakuu wa idara, familia ya Mzee wetu, wafanyakazi wenzangu. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.
>
> Nimesimama kwa niaba ya wafanyakazi kumuaga Bwana Hamad Shaame Kombo, karani wetu wa masjala.
>
> Nianze na watu wa nyumbani. Bi mkubwa, na nyinyi watoto, ahsanteni kwa kutuazima. Miaka 34 mlikuwa mkimtoa alfajiri, sisi tukimrudisha jioni na vidole vyenye wino.
>
> Mzee Hamad aliingia masjala wakati barua zinapigwa kwa taipureta na majalada yanafungwa kwa uzi. Leo tuna kompyuta, na bado jalada likipotea hatuulizi kompyuta, tunamuuliza yeye. Hufumba macho kidogo, akasema: "Kabati la pili, chini, nyuma ya majalada ya likizo." Ukienda, lipo.
>
> Sasa, watu wa nyumbani, kuna jina moja ambalo labda hamlijui, na mwenyewe ameniruhusu nilitaje. Hapa ofisini, Mzee Hamad anaitwa Muhuri.
>
> Jina hili alipewa na mkuu wake wa kazi. Siku hiyo mkuu alileta barua yake mwenyewe, ya haraka, mjumbe yuko nje na pikipiki inanguruma. Mzee Hamad akaisoma yote. Akakifunika kidau cha wino, akasema: "Mkuu, barua haina tarehe." Mkuu akatafuta kalamu, akaandika tarehe. Hapo Mzee akafunua kidau, akaugusisha muhuri kwenye wino, akaupulizia, akauweka. Tunamjua, yeye hagongi muhuri, anauweka. Mkuu akatoka akicheka, akasema: "Huyu si karani, huyu ni muhuri wenyewe."
>
> Mzee Muhuri, sisi vijana umeturudisha na fomu zetu mara nyingi. Tumenuna, tumekwenda kulalamika kwenye chai. Kisha tukajifunza kusoma karatasi zetu kabla hatujafika dirishani kwako. Hilo ulitufundisha bila ya kutugombeza hata siku moja.
>
> Bwana Hamad bin Shaame bin Kombo, kukaa pamoja ni kukoseana. Kwa niaba ya wenzangu wote nakuomba radhi kwa tuliyokukosea, tuliyoyajua na tusiyoyajua, na sisi tumeshakusamehe. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako Shaame, akupe wewe afya na umri wenye kheri, na akuweke na watu wako kwa salama. Wassalaamu alaykum.

Tazama mambo mawili humo. La kwanza, kabla lakabu haijatajwa, familia imeshashukuriwa na mstaafu ameshaonyeshwa akifanya kazi yake vizuri. Mtu wa nyumbani anapolisikia "Muhuri" tayari ana fahari ya kulipokelea. Ukianza na lakabu ili kuchangamsha ukumbi, utapata kicheko cha safu za nyuma na ukimya wa safu ya mbele.

La pili ni lile "bin Shaame bin Kombo" la mwisho. Mwanzoni jina limesomwa kama la kwenye barua. Mwishoni limesomwa kama linavyotajwa penye mambo mazito, na linafuatana na kuombana radhi na dua ya mzee wake. Hapo ndipo utani unapofungwa. Baada ya dua usirudi tena kwenye Muhuri, hata kama umekumbuka kisa kizuri zaidi. Na kabla ya kumwombea baba yake rehema, hakikisha kweli amefariki. Wazee wa miaka themanini na kitu wapo, na huenda amekaa palepale.

Ukumbini wakiwepo wenzenu wasio Waislamu, ongeza salamu yao baada ya salaam, na dua ya mwisho iseme kwa maneno wanayoweza kuitikia.

Siku yenyewe

Chapa hotuba kwa herufi kubwa, na majina yote uyapigie mstari kwa wino mwekundu. Ulimi huteleza kwenye majina, hautelezi kwenye maneno mengine, na mtu aliyemjua mwenzake kwa lakabu tu miaka mingi ndiye anayesahau jina la babu yake akishika kipaza sauti. Yasome majina matatu kwa sauti mara kadhaa nyumbani, yatoke kwa pumzi moja.

Ukishasema "anaitwa Muhuri", nyamaza. Kutakuwa na kicheko, kutakuwa na vigelegele, mtu wa nyuma atapiga kelele "Muhuri!" Usimkatize na usishindane naye. Mtazame mstaafu. Akiinua uso akacheka, au akainua mkono kuwaitikia, endelea na kisa kwa raha zako. Akitabasamu huku ameinamia meza, na jamaa zake wanatazamana, basi kuna kitu hakikukaa sawa. Hapo usiombe radhi kwenye kipaza sauti, maana utawafanya hata wasiotambua watambue. Sema kisa kwa ufupi, lile "Mzee Muhuri" uligeuze liwe "Mzee Hamad", na uingie kwenye kuombana radhi. Ukimaliza mfuate mezani umuage kwa mkono.

Mwambie mwendesha shughuli mapema kwamba lakabu imo ndani ya hotuba yako na ibaki humo. Wengi wao wakishaona ukumbi umecheka, huikamata wakaanza: "Sasa namkaribisha Muhuri aje apokee zawadi!" Zawadi inapokelewa kwa jina kamili. Vivyo hivyo mgeni rasmi. Yeye hamjui mstaafu, na karatasi yake imeandikwa na mtu wa ofisini, kwa hiyo mpe mtu huyo majina matatu yaliyothibitishwa, na lakabu asipewe kabisa.

Saa nayo uitazame. Hafla iliyoanza baada ya Alasiri ina mpaka wake, nao ni Magharibi, na katikati kuna pilau. Ukiona mmechelewa, fupisha habari ya taipureta na majalada, usifupishe majina wala kuombana radhi. Adhana ikikukuta umesimama, nyamaza mpaka imalizike, kisha sema sentensi ya mwisho ukae.

Vinavyoandikwa

Bango, cheti na ngao ya kumbukumbu vina jina kamili peke yake. Vitu hivyo vitatundikwa sebuleni, na baada ya miaka mgeni atakayevisoma hatakuwa na wa kumsimulia barua isiyo na tarehe. Keki ni jambo jingine, italiwa siku hiyohiyo, na wafanyakazi wakitaka kuandika "Ahsante Mzee Muhuri" juu yake waandike, maadamu mwenyewe aliridhia. Kadi ya pamoja ya wafanyakazi inaweza kubeba yote mawili: juu, jina kamili kwa mwandiko mzuri, ndani, kila mtu amwandikie kwa jina alilozoea kumwita.

Hotuba usiondoke nayo mfukoni. Toa nakala safi isiyo na mistari myekundu, uiandike juu "Bwana Hamad Shaame Kombo", uitie kwenye bahasha umpe mtoto wake mkubwa, si mstaafu. Mstaafu siku hiyo mikono yake imejaa.